Orem au Nightingale? Mgonjwa mmoja wa kisukari, nadharia mbili za uuguzi

Swali la insha linalowasumbua wanafunzi wengi wa uuguzi huwa hivi: linganisha nadharia mbili, kisha onyesha jinsi kila moja inavyoongoza kazi ya kila siku. Sehemu ya kwanza hujibiwa vizuri. Mwanafunzi anaeleza Dorothea Orem ni nani, Florence Nightingale ni nani, anataja dhana zao na kumaliza kurasa tatu. Sehemu ya pili ndiyo hupewa aya mbili za haraka mwishoni, na alama huishia hapo. Dawa ya tatizo hili ni kumchukua mgonjwa mmoja, kumpitisha kwenye nadharia zote mbili kwa maswali yaleyale, na kuangalia mpango wa huduma unavyobadilika.

Mgonjwa wa mfano wetu ni mama wa miaka 56 kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Makete, mkulima wa viazi mviringo. Ana kisukari aina ya pili kwa miaka kadhaa, na miguu yake imekufa ganzi. Mwezi Juni, baridi ilipokaza, alikuwa akikaa jikoni jioni na kuweka nyayo karibu na mafiga ili zipate joto. Moto ukamuunguza unyayo wa kushoto bila yeye kuhisi. Malengelenge yalipasuka, akaendelea kwenda shambani na katambuga zake, na alipofika hospitali kidonda kilikuwa kinanuka na sukari ilisoma 18.2 mmol/L. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo. Nyumbani anaishi na mjukuu wa miaka 11. Daktari amemwanzishia insulini ya mchanganyiko 70/30, asubuhi na jioni.

Tumemchagua kwa makusudi. Kuungua miguu kwa kuota moto ni hatari inayojulikana kwa wenye kisukari waliopoteza hisia, na katika nyanda za juu kusini, kuanzia Mbeya hadi Njombe, moto wa jikoni ndio joto la jioni. Tatizo lake liko kwenye mazingira na liko kwenye kujitunza kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna nadharia inayopata ushindi wa bure.

Maswali manne ya kulinganishia

Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu Orem au Nightingale, weka vigezo vyako. Vinne vinatosha: nadharia inaliona tatizo liko wapi, inamtuma muuguzi aangalie nini kitandani, inampa muuguzi kazi gani na kumwachia mgonjwa ipi, na itajuaje kwamba huduma imefaulu. Ukiwa na vigezo hivi, kila aya inajua inajibu nini. Bila vigezo, insha huwa wasifu wa watu wawili waliobandikwa pamoja.

Nightingale: mgonjwa na kinachomzunguka

Nightingale alizaliwa mwaka 1820 na kitabu chake kikuu kuhusu uuguzi kilitoka mwaka 1859. Yeye mwenyewe hakukiita nadharia. Aliandika sura kuhusu hewa na joto, afya ya nyumba, mwanga, kelele, chakula, kitanda, usafi na uangalizi wa mgonjwa, na wasomi wa baadaye ndio waliozipanga sura hizo kuwa nadharia ya mazingira yenye kanuni 13. Liandike hivyo kwenye insha, kwa sababu kusema "Nightingale aliunda nadharia yenye kanuni 13" si sahihi. Kosa jingine linalojirudia ni kusema vifo vya hospitali ya jeshi la Uingereza kule Scutari, Uturuki, wakati wa Vita vya Crimea, vilishuka mara tu alipowasili Novemba 1854. Majira ya baridi yaliyofuata vifo vilikuwa vingi mno. Kushuka kukubwa kulikuja baada ya tume ya usafi iliyofika Machi 1855 kuzibua mifereji ya maji taka na kuingiza hewa majengoni. Ukweli huo hauipunguzii nadharia nguvu. Unaionyesha ikifanya kazi.

Tatizo liko wapi, kwa macho haya? Liko kati ya mwili unaojaribu kupona wenyewe na mazingira yanayouzuia. Kazi ya muuguzi ni kumweka mgonjwa katika hali ambayo maumbile yataweza kufanya kazi yake. Kwa hiyo ukifika kwa mama yetu, kabla ya kumuuliza anajua nini, tazama alipolala. Je, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Juni, na harufu ya vidonda imejaa wodini? Je, kitanda chake kiko kwenye upepo? Je, kidonda kinakaguliwa kwenye mwanga wa kutosha, au kinasafishwa alfajiri chini ya taa hafifu? Shuka imelowa usaha? Chakula kinamfikia saa ngapi?

Kanuni yake ya kwanza inagusa moja kwa moja mtu anayefanya kazi Iringa au Makete: hewa ya ndani iwe safi kama ya nje, na mgonjwa asipate baridi. Sehemu zote mbili zitimizwe kwa pamoja. Wodi nyingi za ukanda wa baridi hutimiza moja na kuiacha nyingine. Dirisha linafungwa ili wagonjwa wasitetemeke, au linafunguliwa na mgonjwa aliye karibu nalo anaumia. Nadharia ikifuatwa kweli, muuguzi hufungua sehemu za juu za madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite juu ya vitanda, anamsogeza mama huyu mbali na mkondo wa upepo, kisha anampa joto kwa blanketi la ziada, soksi za sufu kwenye mguu mzima na kinywaji cha moto kisicho na sukari. Jiko la mkaa haliingii ndani hata kidogo, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Hapa kuna mtego. Mwanafunzi anayeisoma kanuni hiyo juu juu ataandika: "nitampa mgonjwa chupa ya maji ya moto miguuni." Kwa mtu asiye na hisia kwenye nyayo, chupa hiyo ni mafiga ya pili. Mazingira mazuri hupimwa kwa mwili wa mgonjwa huyu, na ndiyo maana uangalizi ni mojawapo ya sura zenye uzito kwa Nightingale.

Sura ya chakula nayo inatoa mfano mzuri, kwa sababu alisisitiza saa ya kula sawasawa na chakula chenyewe. Insulini ya 70/30 huchomwa takriban dakika 30 kabla ya chakula. Ikiwa zamu ya usiku inachoma insulini saa 12 asubuhi ili imalize kazi zake, na uji unafika wodini saa 2, mama huyu atakuwa anatoka jasho, anatetemeka na kuchanganyikiwa kabla kikombe hakijafika. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L na bado anaweza kumeza, anapewa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Lakini swali la Nightingale linatangulia hapo: nani amepanga saa hizi mbili ziachane? Alikuwa na sura nzima kuhusu usimamizi wa mambo madogo, yaani kuhakikisha kwamba unachokifanya ukiwepo kinafanyika hata usipokuwepo. Katika mpango wa huduma hiyo inakuwa sentensi moja ya makabidhiano ya zamu: insulini ya kitanda hiki haichomwi kabla uji haujaonekana mlangoni au ndugu hajaleta chakula.

Mgonjwa mwenyewe anabaki na kazi gani? Chache. Hapa ndipo nadharia hii inapofika mwisho wake. Inamtunza vizuri akiwa wodini, lakini haitoi njia ya kumchunguza anajua nini, anaamua vipi, na atafanya nini Agosti akiwa amerudi jikoni kwake. Ukienda nyumbani kwake inaweza kukusaidia kutazama paa la jikoni lisilo na tundu la moshi, umbali wa kigoda kutoka motoni na giza la chumba anachovulia viatu. Uamuzi wa mama, hata hivyo, hauonekani kwa kutazama chumba. Tena, Nightingale aliandika wakati ambapo elimu ya vijidudu haijakubalika, hivyo sababu alizotoa kuhusu hewa chafu si zote tunazozikubali leo. Usitumie kanuni zake kama mbadala wa taratibu za sasa za kukinga maambukizi.

Mafanikio yanapimwa kwa vitu vinavyoonekana: harufu imepungua, mgonjwa amelala usiku, hatetemeki, shuka kavu, chakula kimeliwa kwa saa yake, kidonda kina nyama nyekundu safi badala ya usaha.

Orem: mgonjwa na anachoweza kujifanyia

Orem, Mmarekani aliyeishi kati ya 1914 na 2007, alichapisha maelezo kamili ya nadharia yake mwaka 1971. Ni nadharia tatu zilizoungana: ya kujitunza, ya upungufu wa kujitunza, na ya mifumo ya uuguzi. Kiini chake kinaelezeka kwa sentensi moja: uuguzi unahitajika pale ambapo matunzo anayoyahitaji mtu yanazidi uwezo wake wa kujitunza.

Kwa hiyo tatizo la mama yetu ni pengo. Upande mmoja orodhesha anachohitaji. Orem ana makundi matatu: mahitaji ya watu wote, kama hewa, maji, chakula, haja, kazi na mapumziko, kuwa peke yake na kuwa na watu, kuepuka hatari, na kuishi maisha ya kawaida; mahitaji ya umri na hatua ya maisha; na mahitaji yanayoletwa na ugonjwa. Kundi la tatu ndilo zito kwake: kuchoma insulini mara mbili kwa siku, kula kwa saa, kutambua dalili za sukari kushuka, kukagua miguu kila jioni na kutokanyagia kidonda. Upande wa pili weka anachoweza. Tofauti ya pande hizo ndiyo upungufu, na ndiyo unaoandika kama utambuzi wa kiuguzi.

Insha nyingi huishia hapo kwa kuandika "mgonjwa ana upungufu wa maarifa". Orem anakwenda mbali zaidi, na hii ndiyo sehemu ya nadharia yake inayostahili kurasa nyingi kuliko ile orodha ya mahitaji. Anatenganisha mipaka ya aina tatu: ya kujua, ya kupima na kuamua, na ya kutenda. Mtu anaweza kukwama kwenye mojawapo tu, na kila moja ina dawa yake.

Mjaribu mama yetu. Ukimuuliza kwa nini aliweka nyayo motoni, akajibu kwamba ziliganda na moto ulikuwa haujazifikia, hapo amekwama kwenye kujua: hajui kwamba mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia moto uko karibu kiasi gani. Dawa yake ni kumfundisha kwa kumwonyesha, kwa mfano kumgusa kwa uzi maalum wa gramu 10 mkononi ahisi, kisha kwenye unyayo asihisi, yeye mwenyewe akiwa ndiye anayesema "nimesikia" au "sijasikia". Ukimwona anajua hatari, lakini akasema alifunga kidonda kwa kitambaa na kwenda shambani kwa kuwa viazi vilikuwa vinaoza, amekwama kwenye kuamua. Somo jingine juu ya vidonda halitamsaidia. Anahitaji mazungumzo kuhusu nani atachimba viazi wiki tatu zijazo, na huenda kaka yake au jirani aitwe. Na akijua, akaamua, lakini hawezi kusoma mistari midogo ya sindano ya insulini wala kuuona unyayo wake, amekwama kwenye kutenda. Hapo hata elimu bora ni bure, mpaka apatikane mtu mwenye macho au njia nyingine ya kupima dozi.

Muuguzi anayewapa wagonjwa watatu, kila mmoja amekwama kwa njia yake, kipeperushi kimoja cha kisukari atafanikiwa kwa mmoja tu.

Baada ya kujua amekwama wapi, Orem anakupa mifumo mitatu ya kugawana kazi. Katika mfumo wa kufidia kikamilifu muuguzi anafanya yote. Katika wa kufidia kwa sehemu wanagawana. Katika wa kusaidia na kuelimisha mgonjwa anafanya na muuguzi anaongoza. Kosa la kawaida ni kumpa mgonjwa mfumo mmoja siku ya kulazwa na kumwacha nao hadi anaruhusiwa. Mfumo hufuata uwezo, na uwezo hubadilika kwa kila kazi kwa kasi yake. Siku ya kwanza, sukari ikiwa 18.2 na mama akiwa amelegea, muuguzi anachoma insulini na kusafisha kidonda, lakini mama ananawa uso na kula mwenyewe. Siku ya tatu anachagua mahali pa kuchoma na kusukuma sindano iliyovutwa na muuguzi. Karibu na kuruhusiwa anafanya kila kitu isipokuwa kuvuta dozi, na usafi wa kidonda unabaki kwa muuguzi na baadaye kwa zahanati.

Kuvuta dozi kunatuleta kwa mjukuu. Orem anazungumzia pia uwezo wa kumtunza mtu mwingine anayekutegemea, na dhana hiyo inafaa sana huku kwetu ambako ndugu wa mgonjwa ndiye anayekaa kando ya kitanda. Mtoto wa miaka 11 anaweza kukagua nyayo za bibi kila jioni na kutaja alichoona: lengelenge, wekundu, majimaji. Kumkabidhi dozi ya insulini peke yake ni kumbebesha mtoto jukumu la mtu mzima. Hivyo mpango unaandika jina la kazi na mtu mzima atakayeifanya, na kama hayupo, daktari anaulizwa kama dawa inaweza kupangwa upya. Upande wa pili wa jambo hili nao ni mgumu. Ndugu mwenye upendo mwingi akimlisha, akimnawisha na kumjibia mgonjwa kila swali, uwezo wa mama haupimwi kamwe, na muuguzi anadhani upungufu ni mkubwa kuliko ulivyo. Mwombe ndugu huyo kwa heshima: "Naomba leo umwachie mama ajaribu mwenyewe, nami nipo hapa."

Mafanikio kwa Orem yanapimwa kwa kitendo cha mgonjwa. "Ameelimishwa" haitoshi kwenye chati. Andika kwamba amechoma dozi yake mara tatu mfululizo bila kusahihishwa, ametaja mwenyewe dalili tatu za sukari kushuka na atakachofanya, na anapima maji ya kuoshea miguu kwa kiwiko, kisha anakausha katikati ya vidole bila kukumbushwa.

Udhaifu wake? Istilahi ni nyingi, na mwanafunzi anaweza kuzijaza zote kwenye insha bila mgonjwa kuonekana. Pia, nadharia hii ikitumiwa kwa uvivu huweka mzigo wote kwa mgonjwa. Orem mwenyewe anataja mazingira, familia na rasilimali kati ya mambo yanayoathiri uwezo wa mtu, kwa hiyo si haki kumlaumu kwamba aliyasahau. Ni kweli, hata hivyo, kwamba hatakupa maelekezo ya dirisha lipi lifunguliwe.

Jinsi ya kuyaandika haya

Usiandike kurasa nne za Nightingale kisha nne za Orem. Chukua kigezo kimoja, kipitishe kwa zote mbili, ndipo uende kingine. Na kila aya ya vitendo iwe na viungo vitatu: dhana, kitu ulichokiona kwa mgonjwa, na tendo lililobadilika kwa sababu ya dhana hiyo.

Sentensi dhaifu ni hii: "Kwa mujibu wa Orem, muuguzi atamwelimisha mgonjwa kuhusu utunzaji wa miguu." Ondoa jina la Orem na hakuna kinachopotea, kwa hiyo nadharia haikufanya kazi. Linganisha na hii: "Mgonjwa alieleza kwa usahihi hatari ya kuota moto lakini hakuweza kuuona unyayo wake, upungufu wake uko kwenye kutenda, hivyo badala ya somo la ziada, mjukuu alifundishwa kukagua miguu na bibi akafundishwa kumuuliza maswali matatu kila jioni." Hapa jina la Orem likiondoka, sababu ya uamuzi nayo inaondoka. Fanya jaribio hilo kwa kila aya, na upande wa Nightingale pia.

Uchague ipi?

Kama mgonjwa wako hana fahamu, ametoka chumba cha upasuaji, ni mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati Njombe katikati ya Julai, au wodi ina wagonjwa wengi wa kifua, Nightingale atakupa mengi ya kusema mapema: joto, hewa, nafasi kati ya vitanda, kelele, mwanga. Orem bado anatumika kupitia mfumo wa kufidia kikamilifu, ila utajikuta unaandika aya fupi.

Kama mgonjwa ana ugonjwa wa kudumu na anakwenda nyumbani, iwe kisukari, shinikizo la damu au VVU kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi, Orem ana zana za kuonyesha hatua kwa hatua mgonjwa anavyopokea kazi kutoka kwa muuguzi. Ni chaguo zuri pia ikiwa swali limetaja elimu ya afya au maandalizi ya kuruhusiwa.

Ziara ya nyumbani huweza kwenda pande zote mbili. Ukiwa na muda wa kuitazama nyumba yenyewe, anza na mazingira. Ukiwa na muda wa kuzungumza na familia, anza na uwezo.

Swali likikulazimisha kuchagua moja kwa mgonjwa kama mama wa Makete, angalia tarehe. Siku mbili za kwanza wodini mpango ukisimama kwa Nightingale utatetewa kirahisi, kwa sababu hatari kubwa iko kwenye kidonda, saa za chakula na baridi. Kuanzia siku anayoanza kushika sindano mwenyewe, uzito unahamia kwa Orem. Ukichagua kuzitumia zote mbili, taja wazi ni kazi ipi umeipa kila nadharia, na andika siku na dalili iliyokufanya uhame kutoka moja kwenda nyingine.